Msumeno Wenye Utando wa Buibui

Mpaka leo nikifungua gazeti nikakuta wamechora mtu mwenye tumbo kubwa, kabla sijacheka ninakasirika. Simkasirikii mwenye tumbo, yeye amechorwa tu. Ninaikasirikia karatasi moja ya fotokopi, alama chache zilizoandikwa kwa kalamu nyekundu, na orodha ya maneno ambayo darasa zima tuliikariri kwa sauti kama watoto wa nasari. Na ninajikasirikia mimi mwenyewe. Hilo nitalifikia.

Niliacha shule nikiwa kidato cha pili, mgongo wa mama ulipokataa kabisa kuinama na mtu mmoja nyumbani akalazimika kutafuta kazi. Nikajifunza kusuka. Saluni yetu iko Komarock, Nairobi, viti vitatu na vioo viwili, na kwa kweli sikuwa na huzuni. Mimi ni mtu wa kucheka. Nikisuka huwa ninaota, na ndoto yangu ilikuwa moja tu: kufundisha watoto wadogo, wale wa miaka minne na mitano wanaovaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia. Nilikuwa nimeshachagua hata rangi ya kuta za darasa langu. Rangi ya chungwa. Mwenye saluni aliniambia chungwa litawapa watoto njaa, nikamwambia basi watakula.

Chuo cha ualimu kilitaka cheti cha sekondari. Cheti changu cha msingi kilioza mwaka ambao mvua iliingia nyumbani mpaka kwenye godoro, na bila hicho sikuona pa kuanzia. Kisha mteja mmoja akaniambia kuna mtihani wa mfumo wa Uingereza ambao watu wazima wanaweza kuufanya bila kuulizwa cheti cha darasa la nane. Kuna kituo Buruburu, juu ya duka la dawa. Nikajiandikisha masomo Jumatatu na Jumanne, siku ambazo vichwa ni vichache.

Kituo chenyewe kilikuwa na vyumba viwili na sheria moja. Ukutani nje, mkabala na barabara, walitundika bango lenye picha za waliopita. Bango hilo ndilo lililowaletea wanafunzi, kwa hiyo hawakutaka doa. Miezi mitatu kabla ya mtihani wenyewe ulifanya mtihani wa majaribio, na kama hukufika alama hamsini katika somo, hawakulipeleka jina lako. Ungeweza kulia, ungeweza kuleta mchungaji wako, jina lilibaki hapo. Ungesubiri kikao kingine cha mtihani, nusu mwaka mzima. Masomo mengine sikuwa na wasiwasi nayo. Historia ndiyo iliyonishika koo, na ndani ya historia, swali la vyanzo.

Swali la vyanzo ni hivi. Unapewa barua, au kipande cha hotuba, au katuni, na chini yake mstari mmoja unaosema ilitoka wapi na lini. Halafu unaulizwa: mchoraji anatoa ujumbe gani? Eleza kwa kutumia mambo yaliyo kwenye chanzo na ujuzi wako mwenyewe. Mtihani wenyewe ni wa Kiingereza, lakini sisi tuliujadili kwa lugha yetu, na hapa nitauandika hivyo.

Mwalimu wetu wa historia alikuwa kijana mwembamba aliyefundisha vituo vitatu kwa siku moja. Chakula chake cha mchana alikibeba kwenye mfuko wa kompyuta asiyokuwa nayo. Sikumchukia. Lakini siku ya kwanza ya katuni aliingia akiwa amechelewa, akageukia ubao, akaandika orodha.

Mtu mnene ni fisadi. Tai ni ubeberu. Njiwa ni amani. Mizani ni haki. Kiti ni madaraka. Mifupa ni njaa.

“Mkikutana na katuni,” akasema, “angalieni kwenye orodha. Mkishapata ishara, tafuteni aliyechorwa mkubwa kuliko wote. Huyo ndiye anayelengwa. Andika, mchoraji anamshutumu fulani. Kwisha.”

Nikainua mkono. “Mwalimu, na kama huyo mkubwa siye?”

“Kutia chumvi ni kutia chumvi, binti. Mchoraji haoni shida kuchora tumbo dogo. Akilifanya kubwa, anakuonyesha pa kuangalia.”

Kule nyuma alikaa jamaa wa bodaboda aliyekuja darasani na helmeti, akaiweka mezani kama mwanafunzi wa pili. Akasema, “Mwalimu, mimi nikichorwa nitalengwa kwa kosa gani? Niko na kitambi.”

Darasa likacheka, mwalimu naye akacheka, na orodha ikabaki ubaoni. Tukaikariri. Mtu mnene? Fisadi. Tai? Ubeberu.

Aliyeikariri vizuri kuliko wote ni mwanamke niliyekaa naye dawati moja. Alikuwa mama wa mapacha, mkubwa kwangu miaka kama kumi na mbili, mumewe dereva wa lori anayekaa njiani wiki mbili mbili. Aliniita msusi, mimi nikamwita anti. Alitaka cheti kwa sababu kazini kwake, ofisi moja ya kule mtaa wa Fedha, walikuwa wamemwahidi kumtoa kwenye ufagio wamweke mapokezi akikipata. Aliweza kukariri ukurasa mzima akiwa anaosha vyombo. Mimi kukariri sijui. Mimi nikiangalia kitu ndipo kinaingia.

Siku ya majaribio tulipewa Chanzo B. Ninaweza kukichora sasa hivi nikiwa nimefumba macho.

Katikati kuna kiti kirefu sana, na juu yake mheshimiwa wa suti, tumbo limemwagika kwenye mapaja mpaka linaficha magoti. Mkononi ana kijiko kikubwa kama sepetu. Lakini kiti hakina miguu ya mbao. Miguu ni watu wanne, wembamba, wamesimama wima wamekibeba kiti kwa vichwa. Kila mmoja amenyoosha kiganja, na kwenye kila kiganja kuna pakiti ya unga ndogo kama kiberiti. Wote wanne wanatabasamu, macho yao yote yako kwenye unga. Mmoja wao, yule wa mbele kushoto, anasema maneno yaliyozungushiwa duara: “Usijali, mheshimiwa, hatutikisiki.” Na mgongoni kwake, kwenye mshipi, unaning’inia msumeno ulioandikwa KURA. Msumeno una utando wa buibui.

Chini kabisa, kwa herufi ndogo: katuni iliyochapishwa katika gazeti la Nairobi, wiki moja baada ya uchaguzi.

Nilisikia kalamu zinaanza kukimbia pande zote. Mnene, fisadi. Kiti, madaraka. Anti alikuwa ameshajaza nusu ukurasa. Mimi nilikuwa bado ninaangalia.

Kazi yangu imenifundisha jambo moja ambalo halimo kwenye orodha ya mtu. Mteja ukimaliza kumsuka, atakuambia imependeza. Mdomo wake utasema hivyo kwa sababu ni mtu mwenye adabu. Lakini mimi simwangalii mdomo. Ninaangalia macho yake kwenye kioo, yanaelekea wapi. Yakienda kwenye mstari wa upande wa kulia na kurudi, na kwenda tena, najua mstari huo umepinda na hatarudi kwangu. Macho hayana adabu.

Kwa hiyo nikayatafuta macho. Yale ya miguu yalikuwa kwenye unga. Ya mheshimiwa hayakuwa kwenye kijiko, wala hayakututazama sisi. Yalikuwa yameshuka pembeni, kushoto, yakiuangalia msumeno. Na kwenye paji la uso wake, ukisogeza karatasi karibu, kulikuwa na matone matatu ya jasho.

Mwenye tumbo ndiye pekee kwenye picha nzima aliyejua kwamba kiti kinaweza kukatwa. Alikuwa anaogopa. Wale wanne walikuwa na msumeno mgongoni mwa mwenzao na hawakuwa hata wakiukumbuka. Na uchaguzi ulikuwa umepita wiki moja. Kama katuni ingechapishwa kabla, ningesema mchoraji anatukumbusha, jamani, mna msumeno. Lakini ni baada, na utando bado upo. Aliyechorwa mkubwa alikuwa chambo cha macho tu. Waliolengwa ni miguu. Waliolengwa ni sisi.

Hasira ikanipanda hapo hapo. Nilikumbuka mtaani kwetu, lori lililosimama karibu na kisima, mama yangu na mgongo wake amepanga foleni tangu alfajiri, akarudi na pakiti mbili za unga na kitambaa cha kichwa chenye sura ya mgombea, na jinsi alivyofurahi. Nikaandika. Niliandika kwamba mchoraji anatulaumu sisi wananchi, si mkubwa, na kwamba tunasema wenyewe hatutikisiki. Nikanukuu maneno hayo. Kisha nikaandika kuhusu foleni, na kitambaa, na mama, ukurasa mzima, mpaka kengele. Utando wa buibui sikuutaja. Macho sikuyataja. Jasho sikulitaja. Niliyaona yote, nikayaacha kwenye karatasi ya swali.

Matokeo yalibandikwa mlangoni wiki iliyofuata. Anti, hamsini na mbili. Mimi, arobaini na saba.

“Msusi,” anti akasema akanishika bega, “labda wamekosea kujumlisha.”

Hawakuwa wamekosea. Swali la katuni lilikuwa la alama nane. Anti alipewa saba. Jamaa wa helmeti, sita. Mimi, mbili, na kalamu nyekundu pembeni: *Hujatambua anayelengwa. Rejea orodha.*

Sijui kama umewahi kuambiwa hukuona kitu ambacho wewe peke yako ndiye uliyekiona. Nilimwambia anti anisubiri kwenye ngazi, nikaingia chumba cha walimu, ambacho kwa kweli ni kona yenye pazia.

Mwalimu alikuwa anakula viazi kutoka kwenye kibakuli.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba. Kama ni alama, nimeshapeleka orodha ofisini.”

“Si alama. Nataka unionyeshe anayelengwa.”

Akapangusa vidole, akachukua Chanzo B. “Huyu hapa. Ametiwa chumvi kuliko wote. Hata mtoto angemwona.”

“Anaangalia wapi?”

“Nani?”

“Huyo wako mkubwa. Weka kidole kwenye jicho lake, halafu ufuate.”

Akanitazama kama mtu anayefikiria kunifukuza. Kisha akaweka kidole. Nilikiona kikishuka, pole pole, kutoka kwenye jicho, kikapita ukingo wa kiti, kikaenda mpaka mgongoni kwa yule mguu wa mbele. Kikasimama kwenye utando.

Akaisogeza karatasi karibu.

“Na hapa chini soma,” nikasema. “Ilichapishwa lini?”

Akasoma. Midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia: akafungua mfuko, akatoa mwongozo wake wa kusahihisha, karatasi iliyofifia yenye mhuri wa kituo kingine juu. Ulikuwa mistari minne, na wa kwanza ulisema, anayelengwa: viongozi walafi. Hakuwa ameuandika yeye. Alipewa tu, pamoja na katuni, na mwaka baada ya mwaka alisahihisha kwa huo bila kuitazama picha.

“Sawa,” akasema. “Umeona vizuri. Lakini jibu lako halina picha ndani yake. Angalia. Umeandika habari za mama yako. Msahihishaji wa kule Uingereza hamjui mama yako. Huo ni ujuzi wako, ni sawa, lakini lazima ushike kitu kwenye chanzo. Msumeno uko wapi? Utando uko wapi?”

“Nimenukuu maneno. Hatutikisiki.”

“Ndiyo. Hicho ndicho kinakuokoa.” Akahesabu kwa kalamu. “Ujumbe mkuu umeupata, umeutetea kwa jambo moja. Kwa haki ningekupa tano.”

Tano badala ya mbili. Arobaini na saba ikawa hamsini kichwani mwangu kabla hajafunga mdomo. Niliziona kuta za chungwa.

“Basi nipe,” nikasema.

Hakuandika. Alivuta rundo la karatasi, akazipekua, akaitoa ya anti, akaiweka juu ya yangu.

“Mimi nikibadilisha mwongozo, nimebadilisha kwa wote,” akasema. “Huyu ameandika mchoraji anamshutumu mnene kwa ulafi. Si uongo, picha inamcheka pia, lakini huo ni ujumbe mdogo, si ule mkuu. Na huo msumeno hakuugusa. Kwa mwongozo wa haki, huyu ni nne.”

Sikuhitaji kuhesabu. Hamsini na mbili, ondoa tatu.

“Si kosa lake,” nikasema. “Aliandika ulichomfundisha.”

“Najua.”

“Basi mwache hapo, unibadilishie mimi.”

“Karatasi mbili, swali moja, miongozo miwili? Mkurugenzi akiuliza nitamwambia nini?” Sauti yake ilishuka. “Nafasi ya kufungua orodha ya majina ni leo tu. Wewe ndiye umeleta hoja, na hoja yako ni ya kweli. Niambie. Nibadilishe, nisibadilishe?”

Hapo ndipo hasira yangu inaponirudia kila mara nikikumbuka. Yeye ndiye mwalimu. Yeye ndiye aliyeandika orodha ubaoni, yeye ndiye aliyesahihisha bila kuangalia, na sasa ameketi mbele ya viazi vyake ananikabidhi mimi msumeno, niamue nani aanguke. Kutoka nje ya pazia nilisikia sauti ya anti kwenye ngazi akiongea na mtu kwenye simu. “Nimepita,” alikuwa anasema. “Hamsini na mbili. Waambie watoto.”

Nikachukua karatasi yangu mezani. “Acha,” nikasema.

Usinisifu. Nilishindwa tu. Nilishuka ngazi nikiwa na hasira ya kung’oa ukuta, na nilipomwona anti amesimama pale na mfuko wa maparachichi aliyoyanunua ya kusherehekea, manne, mawili yake na mawili yangu, nilitamani kurudi juu.

Nilinyamaza wiki nzima. Mimi kunyamaza ni jambo la kutisha, hata mwenye saluni aliniuliza kama nimeokoka. Jumapili anti akaja Komarock nimsuke nywele za kwenda kupigwa picha ya usajili. Nikawa ninavuta kuliko kawaida.

“Msusi, hicho ni kichwa, si kamba ya mbuzi.”

“Pole.”

“Una nini na mimi?”

Nikamwambia. Nilimwambia yote, tukiwa tunatazamana kwenye kioo, macho, jasho, viazi, nne na tano. Nilidhani atalia, nimkumbatie, yaishe.

Alisimama na nusu ya kichwa haijasukwa.

“Nani alikuambia uniamulie?”

“Anti, ningefanya nini?”

“Ungeniita. Nilikuwa kwenye ngazi, hatua kumi na mbili. Mmekaa wawili nyuma ya pazia mkanigawa kama mkate. Yeye ananipa alama za uongo, wewe unanipa za huruma. Mimi naenda mapokezi na nini kichwani?”

“Nilitaka upite.”

“Nitapitaje kule nje, na sijui kuisoma picha? Huko Uingereza watanihurumia pia?” Akaketi tena, akajifunga taulo kwa nguvu. “Maliza nywele. Na ukimaliza, unifundishe.”

Nilikasirika naye, naye akakasirika na mimi, na katika hasira hiyo tukafanya kazi. Saluni ina magazeti mengi ya zamani, tunayatumia kupokelea nywele zinazoanguka. Kila Jumapili jioni nilikuwa nimekata katuni tano, sita. Nilimkataza kutaja ishara yoyote kabla hajajibu: ilichapishwa lini, na wakati huo kulikuwa na nini. Halafu nani anaangalia nani. Halafu nani anaongea, na anayosema yanalingana na anayofanya? Kitu gani kimefanywa kikubwa kuliko kilivyo, na kitu gani kimefanywa kidogo, maana hata ile pakiti ya unga ilitiwa chumvi, ila kwa kupunguzwa. Mwisho kabisa, mchoraji anamcheka nani, anamhurumia nani, anamwonya nani. Kwa kila jibu, kidole kwenye karatasi.

“Huyu njiwa ni amani,” anasema.

“Amebeba nini mdomoni?”

“Ankara ya umeme.”

“Basi hiyo amani ya nani?”

“Ebu nyamaza, msusi, nafikiria.”

Alichonijibu kilikuwa kitu ambacho hata mimi sikuwa nimekiona. Wivu ukanichoma. Kadiri alivyokuwa anajua ndivyo nilivyozidi kukasirika, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anaenda, na mimi ndiye niliyekuwa ninabaki kufagia hizo katuni pamoja na nywele.

Alienda, kikao cha Mei. Matokeo yalipotoka alikuwa amepita historia, si kwa alama za kujivunia, lakini amepita. Sasa yuko mapokezi. Picha yake iko kwenye bango, na nywele ni zangu. Wanaopita Jogoo Road mbele ya kituo wanazitazama kila siku bila kujua.

Mimi nilirudi darasani kungoja kikao cha Oktoba. Siku ya somo la katuni mwalimu akaingia na fotokopi mpya, joto bado, akazigawa. Ilikuwa Chanzo B. Nyuma yake kulikuwa na jibu la mfano. Nilianza kulisoma na masikio yakawa ya moto. Wanaolengwa ni wananchi. Tazama macho ya kiongozi yanavyoelekea kwenye msumeno. Tazama utando wa buibui, na tarehe ya kuchapishwa. Neno kwa neno, yale niliyomwambia nyuma ya pazia. Hakuna aliyetajwa.

Hilo ningelimeza. Lakini akageukia ubao, na chini ya ile orodha ya zamani, ambayo haikuwa imefutwa, akaongeza mistari miwili.

Msumeno ni kura. Utando wa buibui ni uzembe.

“Semeni,” akasema.

Darasa likasema. Jamaa wa helmeti, ambaye mara ya kwanza aliangushwa na somo jingine, akasema kwa sauti kuliko wote.

Nikainua mkono. “Mwalimu, msumeno si kura. Msumeno wa picha ile ndio kura, kwa sababu umeandikwa hivyo.”

“Binti, si ni wewe ulinionyesha?”

“Nilikuonyesha uangalie.”

Akanitazama, na nafikiri alielewa, kwa sababu alishusha macho kwanza. Lakini alikuwa amechelewa kituo cha tatu. Akasema tutaliongelea, na hatukuliongelea.

Majaribio ya pili yalikuja Julai. Chanzo C kilikuwa fundi mrefu aliyevaa aproni ya useremala juu ya suti na tai, anakata dawati la shule katikati kwa msumeno. Watoto wawili wamekaa kwenye ncha za dawati hilo, na nyuma kuna foleni ya watoto wengine, kila mmoja amebeba dawati lake kichwani. Chini: gazeti la Nairobi, siku ya kusomwa kwa bajeti.

Kalamu zikaanza kukimbia. Nyuma yangu nilisikia helmeti ikisogezwa, na sauti ya chini kabisa: “Msumeno ni kura. Aah, hii tumeipata.”

Nilitamani kugeuka nimwambie. Nilitamani kupanda juu ya meza niung’oe ule ubao. Badala yake niliweka kidole kwenye jicho la fundi. Lilikuwa limefumbwa. Alikuwa anakata huku amefumba macho, na anatabasamu. Nikahamisha kidole kwa watoto. Hawakuwa wakimwangalia fundi, hawakuwa wakiuangalia msumeno. Wote, hadi yule wa mwisho kwenye foleni, walikuwa wamegeuka nje ya karatasi wakiniangalia mimi.

Nikavuta pumzi. Nikaandika kwanza tarehe na bajeti. Kisha macho yaliyofumbwa. Kisha tai iliyochungulia juu ya aproni, kwamba huyu si seremala, ni mtu wa ofisini anayekata asichokijua. Kisha foleni, kwamba kukata hakujaisha, na macho ya watoto, yanayotuuliza sisi tunaotazama. Hasira ilikuwa ile ile, haijapungua hata tone, lakini safari hii sikuandika sentensi yoyote kabla kidole hakijagusa mahali pake. Nilipomaliza, ncha ya kidole ilikuwa nyeusi kwa wino wa fotokopi.

Jina langu lilikuwa la tisa kwenye orodha iliyopelekwa. La yule wa helmeti halikuwepo. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi, helmeti magotini, hasemi mzaha wowote, nikaketi kando yake nikamwambia Jumapili aje Komarock.

“Sina nywele za kusuka, msusi.”

“Njoo hivyo hivyo,” nikamwambia. “Na ile orodha uiache huko huko.”